Hopa inapozidisha na kupunguza: kukata mlisho na kurekebisha uzito wa njiani

Swali: "Tuna kiwanda kidogo cha chakula cha kuku hapa Morogoro. Hopa ya mizani inaning'inia kwenye lodiseli tatu za kilo 500, na kila malighafi inaingizwa na parafujo yake. Kilo 280 za mahindi huingia kwa sekunde sabini hivi. Tumepanga parafujo izime kilo 3 kabla ya lengo, lakini bechi moja mahindi yanazidi, nyingine yanapungua, na chokaa ndiyo mbaya kabisa. Nikawasha kionyeshi kijirekebishe chenyewe, mambo yakaharibika zaidi. Je, lodiseli zimechoka?"

Sidhani kwamba lodiseli, yaani vihisi vya uzito vinavyoibeba hopa, zimechoka. Lodiseli iliyoharibika huwa na tabia inayotambulika: sifuri yake huhama kadiri saa zinavyopita, au hukosea zaidi mzigo ukiongezeka, au hutoa namba tofauti kulingana na upande ambao mzigo umeegemea. Haizidishi bechi hii na kupunguza inayofuata huku kila ukimwaga inarudi sifuri vizuri. Hata hivyo, jiridhishe kwanza, kwa kuwa kazi yenyewe haizidi nusu saa. Hopa ikiwa tupu, ning'iniza jiwe la mizani la kilo 20 lililohakikiwa karibu na lodiseli ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Kama kionyeshi chako kinapanda kwa hatua za kilo 0.2, namba zote tatu zinapaswa kulingana au kupishana kwa hatua moja tu. Baada ya hapo pandisha mzigo wa kilo 200 hivi, uuache dakika chache, uuondoe, na utazame kama sifuri imerudi pale pale. Mizani ikifaulu majaribio hayo mawili, waache mafundi wa lodiseli wapumzike, maana tatizo liko kwenye namna mlisho unavyokatwa.

Mahindi yako yanaingia kwa kasi ya kilo 4 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kila sehemu ya kumi ya sekunde ina gramu 400, kwa hiyo swali la msingi ni muda kiasi gani unapita kati ya kilo kufika ndani ya hopa na parafujo kusimama kabisa. Muda huo una vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni kichujio cha kionyeshi, ambacho hutuliza namba kwa kuchukua wastani wa masomo yaliyopita, na kwa sababu hiyo namba unayoiona wakati wa kujaza huwa nyuma ya ukweli. Kipande cha pili ni PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, na kontakta, yaani swichi inayowasha na kuzima mota; vyote viwili ni vya haraka. Cha tatu ni mota yenyewe, ambayo ikishakatiwa umeme huendelea kuzunguka huku ikipungua kasi. Tuseme kichujio kinachelewa sekunde 0.4, PLC na kontakta pamoja sekunde 0.1, na parafujo inachukua sekunde 0.6 kusimama. Kwa kuwa parafujo inapungua kasi polepole, muda huo wa mwisho tuuhesabu nusu, yaani 0.3. Jumla ni sekunde 0.8, na 0.8 mara 4 ni kilo 3.2. Huo ndio uzito wa njiani, yaani kilo zinazoongezeka juu ya namba iliyoonekana wakati wa kukata. Hapo ndipo zinapotoka hizo kilo 3 mlizozikisia, na mmekisia vizuri.

Wengi hudhani kuwa uzito wa njiani ni ule unga ulio hewani kati ya mdomo wa parafujo na lundo lililo chini. Fizikia haisemi hivyo. Unga unaofika chini hugonga, na lodiseli husoma pigo hilo kama uzito. Mwanguko wa mita 1.2 huchukua karibu nusu sekunde, hivyo kwa mtiririko wako kuna kilo 2 hewani wakati wowote. Lakini unga huo unafika chini kwa kasi inayokaribia mita 5 kwa sekunde, na kuzisimamisha kilo 4 kila sekunde kutoka kasi hiyo kunaisukuma hopa kwa karibu nyutoni 19.5, ambazo kionyeshi kinazisoma kama kilo 2. Ilimradi mtiririko hautikisiki na unga unaanza kuanguka bila kusukumwa kwenda chini, pigo hilo linafidia takriban unga wote ulio hewani. Ninaeleza jambo hili kwa sababu nimeona viwanda vikihangaika kuinua hopa ili kufupisha mwanguko, halafu uzito wa njiani ukabaki vile vile. Kinachouamua ni kasi ya mtiririko ikizidishwa kwa muda wa kuchelewa, na kati ya viwili hivyo, kinachobadilika kutoka bechi hadi bechi ni mtiririko.

Mahindi yaliyosagwa kwa chekeche pana hayatiririki kama yaliyosagwa laini, na sailo iliyojaa huijaza parafujo vizuri kuliko sailo inayokaribia kuisha. Ikiwa mtiririko unapanda na kushuka kwa asilimia 20, uzito wako wa njiani utakuwa mahali popote kati ya kilo 2.6 na 3.8. Kitangulizi, yaani zile kilo mnazotangulia kuzima kabla ya lengo, kinaweza kuondoa ule wastani wa 3.2. Hakiwezi kuondoa kupanda na kushuka kwenyewe, kwa kuwa wakati wa kukata hakuna anayejua bechi hii itaangukia upande gani. Ndiyo maana mnaona kuzidi leo na kupungua kesho ingawa namba mliyoweka ni sahihi kwa wastani.

Dawa ni kupunguza mtiririko kabla ya kukata. Kama mota za parafujo zina inveta, yaani kifaa cha kubadili kasi ya mota, panga kasi mbili: kasi kamili kwa sehemu kubwa ya mzigo, kisha kasi ndogo ya kumalizia, tuseme kilo 0.6 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ndogo parafujo husimama karibu papo hapo. Ukiipa sekunde 0.1 badala ya 0.3, jumla ya kuchelewa inakuwa 0.6, na uzito wa njiani ni gramu 360 tu. Mtiririko ukitikisika kwa asilimia 20 zile zile, kosa linabaki takriban gramu 70, ambazo kionyeshi chako hakiwezi hata kuzionyesha. Kwa mahindi ya kilo 280, badilisha kasi kwenye kilo 270. Wakati parafujo inapungua kasi na kichujio kinaufikia ukweli, namba itapanda hadi 273 hivi, na zilizobaki zitachukua kama sekunde 11. Usiwe na uchoyo ukabadilisha kwenye kilo 276 ili kuokoa muda, kwa sababu mlisho wa polepole unahitaji sekunde kadhaa ili mtiririko wenyewe utulie; ukikata kabla haujatulia, unakuwa umelipa gharama ya kasi mbili bila kupata faida yake. Kama hakuna inveta na huwezi kununua kwa parafujo zote, anza na ya chokaa.

Chokaa inastahili maelezo yake. Parafujo husukuma ujazo, wala haijui uzito. Chokaa iliyosagwa ni nzito karibu maradufu ya mahindi kwa ujazo ule ule, kwa hiyo parafujo ya ukubwa uleule, kwa mizunguko ileile, inatoa karibu kilo mara mbili kwa sekunde. Kama mliweka kitangulizi kimoja cha kilo 3 kwa malighafi zote, basi chokaa ilikuwa inazidi tangu mwanzo, na kwenye lengo la kilo 42 kila kilo inayozidi ni zaidi ya asilimia 2 ya chokaa yote. Kila malighafi iwe na kitangulizi chake kwenye kumbukumbu ya PLC. Zaidi ya hayo, chokaa laini iliyotoka kumiminwa kwenye sailo huwa imebeba hewa na hutiririka kama maji. Inaweza kupita kwenye parafujo iliyosimama na kuendelea kudondoka. Utaigundua kwa urahisi: zima parafujo, angalia namba, na kama inaendelea kupanda baada ya sekunde tatu au nne, hakuna kitangulizi kitakachokusaidia. Weka kizibo kinachofungwa kwa hewa kwenye mdomo wa parafujo, au iache chokaa itulie saa chache baada ya kujaza sailo kabla ya kuitumia.

Kuna sababu nyingine inayoiumiza chokaa ambayo haitoki kwenye parafujo yake hata kidogo, nayo ni TARE. Kwenye kionyeshi kuna vitufe viwili ambavyo waendeshaji huvichanganya. ZERO hubadilisha chanzo cha mizani yenyewe, na matumizi yake yanaruhusiwa mahali pamoja tu, yaani mwanzo wa bechi, hopa ikiwa tupu na mlango wa chini umefungwa. TARE haigusi chanzo. Huhifadhi uzito uliopo sasa na kuanza kuhesabu upya kutoka hapo, ili malighafi inayofuata isomwe peke yake. Utaratibu sahihi ni ZERO mara moja, kisha TARE kabla ya kila malighafi.

Sasa fikiria mahindi yamekatwa, na PLC imepangwa kufanya TARE sekunde moja baadaye. Kwenye mdomo wa parafujo bado kuna mahindi yanayodondoka, na kichujio hakijamaliza kupanda. TARE inachukuliwa kilo 1.2 kabla ya wakati wake. Hizo kilo 1.2 zinapotua, zinahesabiwa kwa jina la chokaa. Chokaa inakatwa kionyeshi kikisema 42 kamili, lakini ndani ya hopa kuna kilo 40.8 za chokaa, na mahindi yaliyoandikwa kwenye rekodi ni pungufu ya yale yaliyoingia. Rekodi inaonekana safi, chakula si sahihi, na anayelijua hilo ni kuku anayetaga mayai yenye ganda jembamba. Kwa hiyo TARE isifungwe na saa, ifungwe na utulivu: PLC isubiri mpaka namba ikae ndani ya hatua moja kwa sekunde nzima, ndipo iandike uzito wa mahindi na kufanya TARE ya chokaa. Mwisho wa bechi, linganisha jumla ya uzito wa malighafi zote na uzito mzima uliomo kwenye hopa. Ulinganisho huo hautakuonyesha kilo iliyohamia kwenye jina lisilo lake, kwa kuwa jumla haibadiliki, lakini utaonyesha unga uliotua baada ya uzito kuandikwa na kabla ya TARE.

ZERO nayo ina mtego wake. Mashudu ya alizeti yenye mafuta hupenda kuganda kwenye kuta za hopa. Kama baada ya kumwaga kionyeshi kinasoma kilo 4 na mwendeshaji anabonyeza ZERO, zile kilo 4 zinatoweka kwenye rekodi. Bechi fulani itakuja kuziangusha kwa mkupuo ndani ya mchanganyiko, na kionyeshi kitasoma pungufu ya sifuri. Weka kikomo: PLC ikubali ZERO kama masalia hayazidi kilo 1, na yakizidi, bechi isianze mpaka hopa isafishwe. Ukiona koni ya hopa imejaa alama za nyundo, ujue kikomo hicho kinahitajika, na uwaambie vijana wasigonge wakati namba inasubiri kutulia, maana kila pigo linaisogeza namba na kuchelewesha bechi.

Sasa tuje kwenye kile ulichokiwasha. Kujirekebisha kwa kionyeshi hufanya kazi hivi: kila bechi ikitulia, kosa linapimwa, na sehemu ya kosa hilo inaongezwa kwenye kitangulizi cha bechi inayofuata. Swali lote liko kwenye neno "sehemu". Vionyeshi vingi vinakuruhusu kuchagua asilimia, na mtu anayetaka matokeo ya haraka huweka asilimia 100. Chukua bechi nne ambazo uzito halisi wa njiani ulikuwa kilo 3.4, 2.6, 3.6 na 2.8, na kitangulizi kikianza na 3.2. Ukikiacha bila kukigusa, makosa yatakuwa kuzidi 0.2, kupungua 0.6, kuzidi 0.4, kupungua 0.4. Ukisahihisha asilimia 100, kitangulizi kinaifuata kila bechi iliyopita, kinakuwa 3.4, halafu 2.6, halafu 3.6, na makosa yanakuwa kuzidi 0.2, kupungua 0.8, kuzidi 1.0, kupungua 0.8. Umekifundisha kionyeshi kukimbiza bahati nasibu. Kihesabu, makosa yakiwa ya kubahatisha tu na yasiyotegemeana, kusahihisha asilimia 100 huyatawanya karibu mara 1.4 kuliko kutosahihisha kabisa. Ukisahihisha asilimia 25 tu, ongezeko hilo ni kama asilimia 7, huku ukibaki na uwezo wa kufuata mabadiliko ya kweli, kama vile mahindi ya msimu mpya yenye unyevu zaidi, ndani ya bechi kumi hivi.

Pamoja na asilimia hiyo ndogo, kuna bechi ambazo hazistahili kufundisha chochote. Sailo ikishikana juu na mtiririko ukakatika, mwendeshaji akapiga ukuta na kumalizia kwa mkono, kosa la bechi hiyo halihusiani na uzito wa njiani. Vivyo hivyo kama PLC iliongeza kidogo kidogo kwa kubonyeza parafujo baada ya kupungukiwa: kosa la kujifunzia ni lile lililopimwa kabla ya nyongeza, si baada yake, la sivyo kila bechi itaonekana kamilifu na kitangulizi hakitasogea kamwe. Kwenye PLC, sharti hilo linaandikwa kwa mistari michache, na hapa nimeweka vikomo vinavyofaa mlisho wa polepole niliouelezea:

```
Kosa := UzitoTulivu - Lengo;
IF Imetulia AND NOT Mkono AND ABS(Kosa) <= 1.0 THEN
    Kitangulizi := Kitangulizi + 0.25 * Kosa;
    Kitangulizi := LIMIT(0.1, Kitangulizi, 2.0);
END_IF;
```

UzitoTulivu hapo ni uzito wa malighafi moja baada ya namba kutulia na kabla ya nyongeza yoyote. Kosa linalozidi kilo 1 lisisahihishwe kimya kimya. Liwashe taa, mtu aende kuangalia. Na kitangulizi kikigonga kikomo cha juu, hiyo ni habari kwamba kuna kitu kimebadilika kwenye mashine, pengine kontakta inanata au kizibo hakifungi.

Kuhusu kichujio, jihadhari na tabia ya kukiongeza kila namba inapochezacheza. Kichanganyio kilicho chini ya hopa kikitikisa mizani, kichujio kizito kitatuliza namba, lakini kama kuchelewa kunatoka sekunde 0.4 hadi 1.2, kwa mlisho wa kasi umeongeza kilo 3 nyingine njiani. Ni afadhali kuondoa chanzo cha mtikisiko. Ishara inayotumwa na lodiseli ni ndogo mno: kwa lodiseli za milivolti 2 kwa volti zinazolishwa volti 10, kilo 1 kwenye hopa yako ni kama mikrovolti 13. Kamba ya bomba la hewa iliyokazwa kati ya hopa na ukuta, au soksi ya turubai inayounganisha parafujo na hopa iliyovutwa mpaka ikakakamaa, inabeba uzito ambao lodiseli hazitauona. Hewa iliyofungiwa nayo husukuma: unga ukiingia, hewa inataka kutoka, na kama kitambaa cha kuchujia vumbi kimeziba, shinikizo dogo la paskali 100 kwenye mdomo wenye eneo la mita za mraba 0.2 ni sawa na kilo 2 hivi kwenye kionyeshi, zinazotoweka mlisho ukisimama. Dalili yake ni namba inayorudi nyuma baada ya kukata. Namba ya hopa iliyo salama hupanda kidogo baada ya kukata, kisha hukaa.

Sikusema lolote kuhusu vitamini na madini, kwa kuwa natumaini hampimi kwenye hopa hii. Mizani ya kibiashara ya daraja la III yenye hatua ya kilo 0.2 haitakiwi kupima chini ya hatua 20, yaani kilo 4, na kwa bechi ya kilo 500 mchanganyiko wa vitamini haufiki hapo. Upimeni kwenye mizani ndogo ya mezani na kuumimina kwa mkono moja kwa moja kwenye kichanganyio. Dagaa wa kilo 15 wanaweza kubaki kwenye hopa, ila waingie kwa kasi ndogo tangu mwanzo hadi mwisho.

Anza kwa kuzima kujirekebisha, weka kasi mbili kwenye chokaa na mahindi, fungia TARE kwenye utulivu, kisha endesha bechi kumi ukiwa na kitangulizi kisichobadilika. Kwa kila malighafi andika namba tatu tu: lengo, namba iliyoonekana wakati wa kukata, na uzito uliotulia. Toa ya pili kwenye ya tatu, upate uzito wa njiani wa kila bechi. Wastani wake ndio kitangulizi chako cha kuanzia. Ukiona uzito huo unapishana kwa zaidi ya gramu 400 kati ya bechi na bechi huku mlisho ukiwa wa polepole, usiwashe kujirekebisha bado. Rudi kwenye sailo uangalie kama unga unashikana, kisha kwenye soksi na mabomba. Ukipishana kwa hatua moja au mbili za kionyeshi, washa kwa asilimia 25.